Jibu moja, maksi mbili tofauti: maksi za njia zinavyotolewa kwenye mtihani wa uhasibu

"Shikamoo Mwalimu. Kwenye swali la pili mimi na mwenzangu tumepata faida ileile, 36,980, na wote tumekosa. Yeye kapewa 11 kati ya 12, mimi nimepewa 7. Inakuwaje kosa moja lipewe maksi mbili tofauti? Halafu ukikosea mwanzoni, ndiyo unapoteza na yote yanayofuata? Naomba kujua kama nikate rufaa."

Marahaba. Nakujibu kwa barua ya darasa zima, bila kukutaja, kwa kuwa wenzako kadhaa wamenifuata na jambo hilohilo kwa maneno mengine. Nimezitoa karatasi zenu mbili nikaziweka mezani, moja kando ya nyingine. Zimesahihishwa na mkono mmoja kwa mwongozo mmoja, na hakuna aliyependelewa. La rufaa nitalifikia mwishoni, kwa sababu lina jambo lake.

Tukumbushane swali kwanza. Ni duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara mmoja, mwaka unaoishia tarehe 31 Desemba 2023, namba zote kwa maelfu ya shilingi. Mauzo ni 186,000, na bidhaa zilizorudishwa na wateja ni 2,000. Manunuzi ni 118,000. Stoku ilianza 14,000 ikaishia 16,000. Pango lililolipwa ni 9,000, nalo ni la miezi 15, kuanzia Januari 2023 mpaka Machi 2024. Mishahara iliyolipwa ni 16,400 na mingine ya 600 bado haijalipwa. Kuna lori lililonunuliwa kwa 40,000; uchakavu wake mpaka mwanzo wa mwaka umeshafika 14,400, na linachakaa kwa asilimia 20 ya salio linalopungua. Wadaiwa ni 24,500, na kati ya fedha hizo 500 hazilipiki tena, zifutwe. Mwisho kuna tengo la madeni yenye shaka, yaani kiasi tunachokiweka kando tukijua kwamba baadhi ya wadaiwa hawatalipa. Mwanzo wa mwaka lilikuwa 900, sasa liwe asilimia 5 ya wadaiwa waliobaki.

Faida halisi iliyo sahihi ni 37,880. Ninyi wawili mmepungukiwa na 900, na mkirudi kwenye swali mtaikuta hiyo 900 imekaa hapo inawatazama. Ni tengo la mwanzo wa mwaka. Mlifuta deni la 500 sawasawa, mkabaki na wadaiwa 24,000, mkatafuta asilimia 5 mkapata 1,200. Mpaka hapo hamna kosa. Kisha mkaitoa 1,200 yote kwenye faida ya mwaka huu, wakati 900 ilishatolewa kwenye faida za miaka iliyopita. Mwaka huu ulipaswa kubeba nyongeza tu, yaani 300. Kosa lenu ni hilo moja, nanyi mmelifanya wote, nadhani kwa sababu mlisoma pamoja kwenye noti zilezile.

Basi tofauti ya maksi 4 imetoka wapi? Nawaonyesha sehemu ya gharama kama ilivyo kwenye karatasi zenu. Ya mwenzako inasomeka hivi:

Pango (9,000 − 1,800) = 7,200
Mishahara (16,400 + 600) = 17,000
Uchakavu wa lori = 5,120
Madeni yaliyofutwa = 500
Tengo la madeni yenye shaka = 1,200

Yako inasomeka hivi:

Pango = 7,200
Mishahara = 17,000
Uchakavu na madeni = 6,820

Jumla zote mbili ni 31,020. Toa kwenye faida ghafi ya 68,000, unabaki na 36,980. Ndiyo maana mkafika mahali pamoja.

Sasa uangalie maksi 12 za kipengele (a), kile cha faida, zilivyogawanywa kwenye mwongozo wa usahihishaji. Faida halisi, ile namba ya chini kabisa ambayo wengi mnaipigia mstari mara mbili kwa rula, ina nusu maksi. Faida ghafi nayo ina nusu. Maksi 11 zilizobaki ziko juu, kwenye hatua. Mauzo baada ya kutoa yaliyorudishwa ni maksi 1, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 2, pango 2, mishahara 1, uchakavu 2, kufuta deni nusu, na tengo maksi 2 na nusu. Kwa hiyo mtu anayeniambia "lakini mwisho tumelingana" anazungumzia nusu maksi, ambayo wote wawili mmeipata. Sababu yake nitaieleza mbele kidogo.

Ndani ya kila kipande kuna vipande vidogo. Maksi 2 na nusu za tengo zimekaa hivi: maksi 1 ni ya kuondoa deni lililofutwa kabla ya kutafuta asilimia, nusu ni ya kutumia asilimia 5, na maksi 1 ni ya kuchukua nyongeza peke yake. Mwenzako ameandika 1,200 kwenye mstari wake. Msahihishaji akiiona 1,200 anajua ilikotoka, kwa kuwa ndilo kosa linalofanywa na nusu ya darasa kila mwaka, nasi tunaliandika kabisa pembeni ya mwongozo. Anampa maksi 1 na nusu, anamnyima 1 ya nyongeza, anaendelea. Kwa kosa lile zima mwenzako amelipa maksi 1. Kumi na moja zake zimepatikana hivyo.

Wewe hukuandika 1,200 popote. Uliandika 6,820. Msahihishaji anatafuta uchakavu hauoni, anatafuta deni lililofutwa halioni, anatafuta tengo halioni. Anaona namba moja ambayo si sahihi na ambayo haimo kwenye mwongozo. Mimi nimeijua siri yake leo kwa sababu nilikaa na kalkuleta na chai, nikijua ulichokuwa unajaribu kufanya: 5,120 na 500 na 1,200. Lakini 6,820 inaweza pia kuwa 5,620 na 1,200, kazi ya mtu aliyekosea uchakavu na kusahau kuiweka 500 ya deni kwenye gharama. Huyo naye angeandika 6,820 na kupata faida ya 36,980 kama wewe. Siwezi kukupa maksi za uchakavu sahihi kwa namba ambayo mwenye uchakavu mbovu angeiandika vilevile. Hapo zikaondoka 2 za uchakavu, nusu ya deni, na 2 na nusu za tengo. Jumla 5.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa mlitazame kwa karibu, kwa kuwa mkisikia "onyesha njia" mnadhani tunataka kurasa za hesabu. Mwenzako hakuonyesha njia ya uchakavu hata kidogo. Ameandika 5,120 kavu na amepata maksi zote 2. Jibu sahihi la hatua, kwa mwongozo wetu, linabeba njia yake ndani yake. Hatumdai mtu ushahidi wa kitu alichopatia. Ungeandika zile namba tatu kwenye mistari mitatu, bila mabano, bila maelezo, ungepata 11 kama yeye. Maksi 4 zimekwenda kwa sababu ya kubana mistari miwili ya karatasi, na karatasi ya mtihani hatuiuzi.

Njia inaanza kuwa na thamani pale namba ya hatua yenyewe inapokuwa si sahihi. Kuna mwenzenu mmoja aliandika uchakavu wa lori hivi: 40,000 − 14,400 = 26,500, kisha 26,500 × 20% = 5,300. Salio la kweli ni 25,600. Amegeuza tarakimu mbili, 5 na 6, zikapishana. (Kosa la namna hii huacha alama yake: tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubaki. Hapa 26,500 toa 25,600 ni 900, na kwenye uchakavu tofauti ni 180. Wahasibu wa zamani waliokagua vitabu kwa mkono walikuwa wakiona tofauti inayogawanyika kwa 9, jambo la kwanza ni kutafuta tarakimu zilizopishana.) Maksi 2 za uchakavu zimegawanywa hivi: 1 ya kutoa uchakavu wa zamani kwenye bei ya kununulia, nusu ya kutumia asilimia 20, nusu ya jibu. Huyu amepata 1 na nusu. Mwingine, safu mbili nyuma yake, aliandika "Uchakavu 5,300" bila kitu pembeni, akapata sifuri. Huenda naye aligeuza tarakimu kwenye kalkuleta. Huenda alibahatisha. Msahihishaji hana namna ya kujua, na namba 5,300 si miongoni mwa makosa tunayoyatarajia.

Makosa tunayoyatarajia yapo, na ni machache. Uchakavu wa 8,000 tunaujua: mtu amechukua asilimia 20 ya bei ya kununulia, 40,000, badala ya salio. Hata akiuandika mkavu tunampa nusu ya asilimia, maksi 1 ya salio anaikosa, na nusu ya jibu anaikosa. Pango la 10,800 tunalijua pia: amepata kiasi kilicholipwa mbele, 1,800, akakijumlisha badala ya kukitoa. Kwenye pango maksi 1 ni ya kiasi na 1 ni ya mwelekeo, kwa hiyo anapata 1. Lakini usiweke matumaini yako kwenye kumbukumbu ya msahihishaji. Anasahihisha swali moja kwenye mamia ya karatasi, na namba yako ikiwa haimo kwenye orodha yake fupi, kinachomshawishi ni kile ulichoandika pembeni yake.

Nije kwenye swali lako la pili, la kukosea mwanzoni. Hupotezi yote yanayofuata. Kanuni ni kwamba kosa huadhibiwa mara moja, pale lilipofanyika. Kuanzia hapo msahihishaji anaacha namba yake na kufuata namba yako. Kama hatua inayofuata umeifanya kwa usahihi juu ya namba yako mbovu, maksi zake ni zako kamili. Ndiyo maana ninyi wawili mmepata ile nusu ya faida halisi wakati 36,980 si jibu: kwa gharama mlizokuwa nazo, 68,000 toa 31,020 ni 36,980 kweli. Mliijumlisha na kuitoa inavyotakiwa. Yule wa uchakavu wa 8,000, kwenye mizania anatakiwa kuonyesha lori kwa 40,000 toa 14,400 toa 8,000, yaani 17,600. Thamani sahihi ni 20,480. Anayeandika 17,600 anapata maksi zote za mstari huo. Anayeandika 20,480 huku juu ameonyesha uchakavu wa 8,000, huyo ananitia shaka, kwa sababu namba zake hazitoki kwenye kichwa kimoja.

Kanuni hii inamchosha msahihishaji kuliko mnavyofikiri. Mwaka wangu wa kwanza wa kusahihisha, nilikuwa na mwongozo mkononi na namba sahihi kichwani, nikawa nalinganisha tu: ikilingana tiki, isipolingana mkwaju. Kiongozi wa jopo alichukua karatasi kadhaa kutoka kwenye fungu langu, akazipitia, akanirudishia fungu zima. Kwenye karatasi moja nilikuwa nimemwadhibu mtahiniwa mara nne kwa kosa moja la stoku, kwenye gharama ya mauzo, faida ghafi, faida halisi na mtaji. Nilizirudia zote usiku ule. Tangu hapo, nikiona namba isiyo sahihi, kabla ya kalamu kugusa karatasi naweka kidole kwenye mstari wa juu na kuuliza: hii imetoka wapi?

Lakini kanuni ya kufuata namba yako ina mipaka, na wengi mmegonga mwamba hapo.

Mpaka wa kwanza ni pale kosa linapolifuta jambo lililokuwa linaulizwa. Pango la swali hili lilikuwa na maksi 2 kwa sababu ya ile miezi mitatu ya 2024. Aliyeandika 9,000 kama ilivyo kwenye urari hajakosea hesabu, hakuifanya. Sina njia ya kuifuata. Vivyo hivyo aliyeacha tengo kwenye 900 "kwa kuwa lipo tayari". Atapata nusu ya faida halisi kule chini, kwa sababu amejumlisha vizuri, lakini maksi za marekebisho yenyewe hazipo.

Mpaka wa pili ni namba isiyo na mzazi. Hapa ndipo inapoingia mizania ya mwenzako, nami naomba radhi kwake kuitumia kama somo. Kwenye kipengele (b), kile cha mizania, aliandika wadaiwa 24,500 toa 500 toa 1,200, akabaki na 22,800. Hiyo ni sahihi kabisa, kwa sababu kwenye mizania tengo huondolewa lote, si nyongeza yake tu. Lakini faida aliyoipeleka kwenye mtaji ilikuwa pungufu kwa 900. Mali zikazidi mtaji na madeni kwa 900. Mizania ikagoma. Akaandika jumla mbili tofauti, akaziacha hivyo, akahamia swali la tatu. Amepata maksi 8 zote za kipengele hicho. Mwongozo wetu hauna maksi ya mizania kulingana. Una maksi za kila kitu kilichomo ndani yake, na vyote vilivyomo viliwekwa mahali pake kwa namba zake mwenyewe.

Mwanafunzi mwingine alikuwa na kosa lilelile na tofauti ileile ya 900. Huyu hakukubali kushindwa. Alirudi kwenye wadaiwa, akafuta 22,800, akaandika 21,900. Mizania ikalingana, na mkono ukatulia. Alikuwa na namba sahihi yenye maksi 1, akaibadilisha kwa namba ambayo haitoki popote, maksi ikaondoka. Wengine huongeza mstari wenye jina la "marekebisho" au "akaunti ya muda" wenye 900. Mstari huo haunyang'anyi maksi, ila hauna maksi, na dakika ulizotumia kuutafuta hazirudi. Mtihani wetu ni saa 3 kwa maksi 100, yaani dakika moja na sekunde 48 kwa kila maksi. Kipengele cha maksi 12 kina haki ya dakika 21 au 22. Aliyetumia dakika 15 kuisaka 900 ameuza maksi 8 za swali jingine ili kununua kitu ambacho hakikuwa na bei.

Kama muda unao, isake kwa akili. Tofauti ikigoma, iangalie kwanza kama yenyewe imo kwenye swali. Kama imo, kuna kitu umekitumia upande mmoja tu, kama hii 900. Igawe kwa 2: kama nusu yake imo kwenye swali, yaelekea umeweka kitu upande usio wake. Igawe kwa 9: ikigawanyika bila kubaki, tafuta tarakimu zilizopishana. Lakini ukiwa na bahati mbaya kama ya swali hili, 900 imo kwenye swali na pia inagawanyika kwa 9, kwa hiyo anza na ile ya kwanza. Ukipata kosa, lifute kwa mstari mmoja, andika sahihi juu yake. Usilisugue mpaka karatasi itoboke. Tunasoma kilichokatwa kwa mstari mmoja pale ambapo hujaweka kingine badala yake, na mara chache kimemwokoa mtu. Ukiacha majibu mawili yote mazima, sisi tunasahihisha la kwanza na la pili tunaliacha. Hatuchagui zuri.

Sasa, njia kiasi gani inatosha? Kama hesabu ni ya hatua moja, mabano ndani ya mstari yanatosha, kama mwenzako alivyofanya kwenye pango. Kama ni ya hatua mbili au zaidi, iweke chini ya jibu au ukurasa unaofuata, ipe namba, na namba hiyo uiandike pia kwenye mstari inakokwenda. Kwa tengo ningetaka kuona hivi tu:

Hesabu ya 2: tengo
Wadaiwa 24,500 − 500 = 24,000
24,000 × 5% = 1,200
Nyongeza 1,200 − 900 = 300

Mistari mitatu. Mwenye kupenda kufungua akaunti ya tengo yenye pande mbili, akaweka 900 ya mwanzo, 1,200 ya mwisho, na 300 ikajitokeza yenyewe, anapata maksi zilezile. Mwongozo hauna ubaguzi wa njia ilimradi ni njia ya kihasibu. Kabla ya kuanza kusahihisha tunasoma kwanza karatasi chache pamoja, na ikitokea mmoja wenu amepita njia halali ambayo hatukuiwaza, mwongozo unarekebishwa kabla hatujaendelea.

Kosa la kunakili lina huruma yake. Aliyeandika manunuzi 181,000 badala ya 118,000 amepoteza nusu maksi ya manunuzi. Kwenye karatasi yake gharama ya mauzo inakuwa 179,000 na faida ghafi 5,000. Nilipata maksi za kumpa kwa sababu mistari yake ilikuwepo. Ila faida ghafi ya 5,000 kwa mauzo ya 184,000, halafu mishahara peke yake 17,000, ilipaswa kumwamsha usingizini.

Kwa wale mnaojiandaa na mitihani ya bodi: maswali ya kuchagua hayana maksi za njia kabisa. Hapo jibu ni jibu. Na kwa mtakaofanya mitihani ya ACCA kwenye kompyuta, jedwali la mtihani lina faida moja ambayo wengi wanaitupa. Msahihishaji anaweza kuifungua seli na kuona kilichomo. Ukiandika

```
=(40000-14400)*20%
```

njia yako imo ndani ya jibu. Ukikokotoa kwa kalkuleta ya mkononi kisha ukachapa 5120, umeandika namba kavu, na ukikosea kuchapa umekuwa yule mwenzenu wa 5,300.

Sasa rufaa. Nilipofungua karatasi yako nilikuwa na hakika 7 ni 7, mpaka nilipogeuza ukurasa. Kipengele (b) hukukimaliza, muda ulikwisha ukiwa kwenye mali za kudumu na wadaiwa hukuwafikia. Lakini lori ulilionyesha lote: 40,000, toa 14,400, toa 5,120, linabaki 20,480. Ile 5,120 iko hapo, kwa mwandiko wako, sahihi. Maksi za hatua zinafuata ushahidi popote ulipo ndani ya swali, na msahihishaji aliyekuwa akisoma kipengele (a) hakurudi nyuma baada ya kuiona. Kwa maoni yangu unadai maksi 2 za uchakavu, ufike 9. Deni la 500 na tengo la 1,200 nimeyatafuta mpaka kwenye jalada la nyuma unakochorachora, sijayaona, kwa hiyo 3 zile zimekwenda.

Siwezi kukuongezea mimi mwenyewe kwa kalamu. Chukua fomu ya rufaa ofisi ya mitihani, pale kwenye sababu andika "uchakavu umeonyeshwa kipengele (b), mstari wa lori", na uilete kabla muda wa rufaa haujafungwa. Usiandike kwamba mwenzako kapata 11. Hiyo si sababu, na itamfanya msahihishaji wa pili aanze na karatasi ya mwenzako.